Jumanne Inahama

Mwalimu Akeyo aliandika ubaoni kwamba Jumanne inahamia Jumatano, akapiga mstari chini ya neno moja: DAIMA. Alikuwa na sababu. Mwaka huo alikuwa amekwisha kuwahamishia wanafunzi wake siku ya somo mara tatu, na kila mara ilikuwa ya wiki moja tu.

"Hii si kama zile," alisema. "Kila Jumanne jioni vyumba vyote vitakuwa vya darasa la saba. Kuanzia wiki ijayo, somo la Jumanne linahamia Jumatano. Alhamisi inabaki palepale. Saa ni zilezile, kumi na moja unusu hadi moja unusu, na chumba ni hikihiki. Wote mnaweza?"

Watu wazima kumi na wawili, waliobanana kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi pale Kibuli, walimtazama. Wengi walikuwa askari, wake wa askari, au wajane wao.

"Ndiyo, mwalimu," walijibu kwa pamoja.

Akeyo akafurahi. Alidhani angepambana nao hadi giza liingie, kumbe mambo yamekwisha kwa dakika mbili. Akageukia milinganyo.

Walipokuwa wakiifanya, alipita kati ya madawati, akamwona Lamunu akimsogezea jirani yake, Valarie, mkebe wake wa hisabati, bikari na rula zote ndani. Lamunu alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alipika katika kambi ya polisi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu darasani. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki miezi mitano.

"Mama, mkebe wako unakwenda wapi?"

"Nampa huyu. Ana safari ndefu."

"Na wewe?"

"Mimi Jumatano napikia kuruta mia mbili, mwalimu. Hesabu ya siku moja kwa wiki si hesabu. Nitakuwa nyuma, niwacheleweshe wenzangu. Bora nipumzike."

Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya mchele.

"Lakini nimeuliza kama wote mnaweza. Umesema ndiyo."

Lamunu akamtazama kwa huruma kidogo. Kiranja wa darasa, Oloya, mlinzi aliyestaafu jeshini, ndiye aliyejibu kutoka nyuma.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa Kisumu, umekulia dukani. Sisi tumekulia kambini. Amri ikisomwa, unasema ndiyo. Kama huwezi, unajua mwenyewe utakavyofanya."

"Ile haikuwa amri. Ilikuwa swali."

"Umeliuliza ukiwa umeshaandika daima," alisema Oloya. "Na mstari umepiga."

Darasa likacheka, na Akeyo naye hakuweza kujizuia. Kisha akautazama ubao, chaki mkononi. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia achague kati ya Jumatatu na Jumatano, na alitaka jibu kesho yake asubuhi. Jumatano aliichagua yeye peke yake. Jumatatu ndiyo siku marehemu mumewe alikuwa akifunga duka mapema kule Nakawa, wakakaa kibarazani wakila samaki taratibu. Miaka miwili sasa alikuwa akiilinda siku ile, akikaa kwenye kiti kimoja na kutazama kingine. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mumewe angekuwa wa kwanza kumcheka.

Akafuta Jumatano.

"Tuanze upya. Sijaamuru kitu. Jumatatu au Jumatano, na kila mmoja aniambie kwa mdomo wake siku ile yuko wapi jioni. Sitaki ndiyo. Afande Oloya, anza."

"Jumatatu niko getini Bugolobi. Lakini ratiba ya zamu inapangwa Ijumaa. Nikiomba kabla, nitabadilishiwa."

"Kwa daima?"

"Kwa daima. Msimamizi wangu ananiogopa."

Wakaendelea mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na kwaya Jumatano na hakuwa amesema. Valarie alisema kwamba Jumatatu wateja huwa wachache, atafunga kibanda mapema. Lamunu akaja mwisho.

"Jumatatu niko nyumbani," alisema. "Naangalia ukuta."

"Basi ni Jumatatu," alisema Akeyo, akaandika. "Nitawapigia simu wawili ambao hawapo, na karatasi itabandikwa mlangoni. Kuna swali?"

Halafu Lamunu, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kunyoosha mkono ila kutoa jibu, akaunyoosha.

"Na Jumatatu ikiwa sikukuu?"

"Hatusomi, na hatufidii."

"Mbona tusifidie? Mtihani hautangoja sikukuu."

"Kweli," alidakia Valarie. "Na mvua ikinyesha?"

"Na wewe mwalimu ukiugua?" aliuliza Oloya. "Nani anatupa habari, na saa ngapi?"

Akeyo akavuta kiti, akaketi. Milinganyo ile haikumalizika jioni hiyo.