Rula ya Sentimita Thelathini

Elius aliingia famasi saa saba mchana, siku ya Jumanne, kununua losheni ya kupaka. Mabaka ya kuwasha yalikuwa yamepanda kutoka tumboni hadi shingoni tangu Jumapili. Nyuma yake aliingia Romanus, msaidizi wake kwenye mashine ya kupasua mbao. Hakuwa na shida ya dawa. Alifuata kivuli na nafasi ya kukaa.

Kiwanda chao kilikuwa upande wa pili wa barabara, mwendo wa dakika tano, pale Makambako ambako magogo ya misindano, yaani paini, hushushwa kutoka vilima vya Njombe. Elius alikuwa amepanga mbao pale kwa miaka sita. Msumeno alikuwa ameuendesha kwa wiki mbili tu. Mama Teodora, mwenye kiwanda, alimkabidhi mashine mbele ya wenzake na kumwambia kwamba akiiacha siku moja bila sababu, atampa mwingine. Mwingine huyo alijulikana. Ndiye aliyekuwa amekaa kwenye benchi la famasi akijipepea kwa kofia.

"Kamwene, dada," Elius alisema.

"Kamwene," alijibu Oktavia, mfamasia. Alitazama shingo yake, akashusha chupa ya losheni kutoka kwenye rafu, lakini hakumpa. "Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Nilipewa za kumeza jana, kule Njombe. Nilikwenda kumwona mama, nikapitia zahanati."

Alitoa bahasha ndogo ya karatasi mfukoni. Juu yake kulikuwa na jina la dawa, ile ambayo kila mtu huiita Piritoni, na namba 1x3. Chini kulikuwa na mhuri wa wino wa bluu: INAWEZA KULETA USINGIZI. EPUKA POMBE.

"Umemeza ngapi?"

"Jana mchana, jana jioni, na leo asubuhi. Tatu. Ya mchana huu bado."

"Mhuri umeusoma?"

"Nimeusoma." Elius alikuwa na kidato cha nne na hakupenda kuulizwa kama anajua kusoma. "Usingizi haujanijia. Ungekuja ningezima mashine nikalala."

"Mashine gani?"

"Msumeno. Mimi ni mpasuaji."

Oktavia aliinua uso kutoka kwenye bahasha. "Na pombe?"

"Mimi ni Mlutheri, dada. Pombe sinywi."

"Ulanzi je?"

Elius alicheka. "Ulanzi ndiyo pombe? Ule mtamu, mtogwa, wa asubuhi? Hata mama yangu anakunywa."

"Leo umekunywa?"

"Saa nne. Kikombe kimoja, na huyu." Alimwonyesha Romanus kwa kidevu.

"Viwili," alisema Romanus. "Usimdanganye mtu wa dawa."

"Viwili, basi. Lakini kidonge nilimeza kwa maji, saa moja asubuhi. Sikuchanganya."

Oktavia hakubishana. Alieleza kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza. Maneno "epuka pombe" hayakuhusu kile anachomezea kidonge, bali siku zote ambazo dawa ingali mwilini. Piritoni moja haiishi kwa saa tatu. Ya asubuhi bado ipo jioni, na ya jioni huamka na mtu kesho yake. Ulanzi nao huanza kuchacha ukiwa bado unadondoka kwenye mwanzi, kwa hiyo mtogwa wa saa nne tayari una kileo, hata kama ulimi unasema sukari. Dawa hii hupunguza mwendo wa ubongo, kileo nacho hupunguza, na viwili hivyo vikikutana vinajumlishana.

"Lakini sisinzii," Elius alisema. "Nitazame macho."

"Macho siyatazami." Oktavia alivuta droo, akatoa rula ya plastiki, ya wanafunzi, ya sentimita thelathini. "Kwenye ule mhuri, usingizi si kupiga miayo peke yake. Mikono huchelewa kabla miayo haijaja. Weka kiwiko hapa kwenye kaunta, kiganja kitokeze nje ya ukingo. Fungua kidole gumba na cha shahada. Nitaachia rula bila kukuambia. Wewe idake."

Aliishika rula kwa juu, sifuri ikiwa katikati ya vidole vya Elius. Akaiachia. Rula ilipita yote ikagonga sakafu.

"Sikuwa tayari."

"Tena."

Ilipita tena. Mara ya tatu vidole vyake vilifunga hewa, rula ikiwa tayari chini.

Romanus alikuwa amesimama. "Ndugu yangu, hata kuku angedaka!"

"Njoo wewe basi, mdakaji."

Romanus alidaka kwenye ishirini na mbili, kisha ishirini na tatu, kisha ishirini na mbili. Alitazama huku na huku kama aliyeshinda kitu.

"Usijisifu," Oktavia alimwambia. "Mimi nadaka kwenye kumi na saba. Una vikombe viwili vya ulanzi kichwani na huna kidonge. Mwenzako ana vikombe vilevile na kidonge. Tofauti yenu mmeiona." Aliokota rula. "Kuanguka sentimita thelathini huchukua robo sekunde hivi. Kwa robo sekunde yote, Elius, mkono wako ulikuwa haujapata habari."

Elius alirudisha mkono wa kulia kwenye kaunta ili ajaribu mara ya nne. Oktavia hakuachia rula. Alikuwa akitazama mkono wa koti la Elius.

"Hii imechanika lini?"

Pindo la mkono huo lilikuwa na mkato, urefu wa kidole, kwa upande wa ndani, karibu na mshipa wa kifundo cha mkono. Elius aliugeuza mkono kwenye mwanga wa mlango.

"Msumari, labda."

Romanus alisogea, akainama. Msumari huvuta nyuzi na kuacha pembe. Mkato huu ulikuwa umenyooka, kingo zake safi, na ndani ya mshono kulikuwa na vumbi la mbao, bichi, la rangi ya maziwa. Romanus alikuwa ameona mikato ya aina hiyo kwenye glavu zilizoguswa na msumeno. Safari hii hakutania.

"Asubuhi haukuwepo," alisema taratibu. "Nilikushikia koti ulipokuwa unavaa kinga ya kifuani. Ningeuona."

Elius alijaribu kukumbuka. Alikumbuka magogo kumi na moja. Alikumbuka mbao mbili zilizotoka nyembamba upande mmoja, akamlaumu Romanus kwa kusukuma vibaya. Hakukumbuka chochote kilichogusa mkono wake. Alikaa kwenye benchi, akashika kiganja cha kulia kwa kile cha kushoto.

Kisha akasema, "Basi ya mchana sitaimeza. Nikamalizie kazi."

"Ya asubuhi utaitapika?" Oktavia aliuliza. "Leo mashine huigusi. Kesho pia huigusi."

"Dada, siku mbili! Mama Teodora atampa huyu."

"Mimi siwezi kukuandikia mkono mwingine." Oktavia alikuwa tayari ameshika simu. Alimpigia tabibu wa zahanati aliyeandika dawa, akamweleza kazi ya mgonjwa, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza huko Njombe na ambalo Elius hakulitaja. Walizungumza dakika mbili. Alipokata simu alichukua bahasha ya Elius akaiweka pembeni, akamwandikia nyingine. "Tumekubaliana nikubadilishie. Hii ni loratadini. Moja kwa siku, anza kesho asubuhi. Wengi haiwasinzishi, lakini wapo wachache inaowasinzisha, na sijui kama wewe ni mmoja wao. Ukivimba midomo au pumzi ikibana, nenda hospitali moja kwa moja, usije hapa. Ulanzi acha mpaka umalize. Keshokutwa, kabla ya kugusa msumeno, pitia hapa udake rula."

"Utamwambia Mama Teodora?"

"Habari za mgonjwa sizipeleki mtaani. Utamwambia wewe."

Walivuka barabara. Katikati ya uwanja wa magogo Romanus alisema, "Nikiwa mkweli, ile mashine naitaka."

"Najua."

"Lakini siitaki hivyo."

Mama Teodora alikuwa akihesabu mbao za mbili kwa nne. Elius alimwonyesha bahasha, akamweleza mhuri, kidonge, ulanzi na rula. Mwisho akanyoosha mkono wa koti. Alisema yote kwa mfululizo, kwa sababu aliona akisimama hataendelea.

Mama Teodora alipitisha kidole chake ndani ya mkato, kikatokea upande wa pili. Alikwenda kwenye swichi akazima mashine.

"Nilisema bila sababu," alisema. "Hii ni sababu. Leo hapasuliwi kitu. Kesho atapasua Romanus, na asije hapa na harufu ya ulanzi. Wewe utapanga mbao mpaka huyo dada aseme."

"Na baada ya hapo, mama?"

"Baada ya hapo nini? Mashine ni yako. Nikupokonye kwa kuwa umesema kweli, ili kesho mwingine anifiche?"

Jumatano Elius alipanga mbao. Asubuhi, Piritoni ikiwa bado haijamtoka vizuri, alihesabu safu moja mara mbili, kisha akaangusha ubao kwenye mguu wake wa kulia. Buti lilimlinda. Alisimama akautazama ubao ule uliolala chini, usio na meno kama ya msumeno, kisha akaushukuru Mungu kwa sauti, kwa Kibena, mpaka Romanus akauliza kama amepigwa kichwani.

Alhamisi saa mbili asubuhi aliweka kiwiko kwenye kaunta. Mabaka yalikuwa yameshuka, yamebaki mawili mgongoni. Oktavia aliachia rula. Kumi na nane. Akaachia tena. Kumi na saba. Mara ya tatu, kumi na sita.

"Umenishinda," Oktavia alisema. "Nenda kazini."

Elius hakuondoka. Alifungua vidole vya mkono wa kulia, akavifunga, akavifungua. "Dada, mimi nilikuja kununua losheni tu. Ungenipa losheni ningeondoka."

"Ndiyo maana huwa nauliza kwanza."

"Asante kwa kuuliza."

Wiki mbili baadaye alirudi akiwa hana ugonjwa wowote. Alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na ubao mwembamba wa msaiprasi, uliopigwa randa na msasa mpaka ukateleza, na alama zilizochorwa kwa penseli ya seremala na kukolezwa kwa kisu, sentimita baada ya sentimita, hadi hamsini.

Oktavia aliuweka sambamba na rula yake ya plastiki. Sifuri ilikutana na sifuri, thelathini na thelathini. Alikagua alama zote kabla ya kusema kitu.

"Zimelingana," alisema. "Ila kwa nini hamsini?"

"Ile yako ni fupi," Elius alisema. "Mtu akiwa kama nilivyokuwa mimi, inaisha kabla hujajua amechelewa kiasi gani."

Oktavia aliupachika ubao kwenye misumari miwili nyuma ya kaunta, mahali ambapo kila anayepewa bahasha yenye mhuri wa bluu angeuona. Kisha akaushusha tena, akamwambia aweke kiwiko.

Elius alidaka kwenye kumi na sita.