Mistari ya Kijivu

Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu alisoma kwa sauti alichochapa karani kutoka kwenye picha ya skrini ya mazungumzo ya kundi la simu la kiwanda: "9:10, meneja: Nani kaacha geti wazi? 9:11, mlinzi: Ni mimi."

"Mnanisingizia!" mlinzi alifoka. "Mimi nilijibu swali la zamu!"

Karani aliitazama tena picha. Juu ya "Ni mimi," kwa kijivu, lilinukuliwa swali la 9:02: "Zamu ya kesho nani?" Aliliruka akidhani ni marudio. Uvivu mtupu!

"Kosa langu, mwenyekiti."

"Basi la geti nani kajibu?"

Karani akairudia picha. Chini ya swali la geti palikuwa na mstari mwingine wa kijivu aliouruka: "Dereva ameondoka kwenye kundi."