Mistari Myekundu ya Phanice

Phanice alikuwa amechoka hadi sauti. Kesho chama chao cha wakulima wa ndizi kingepewa dakika kumi na mbili za kujieleza mbele ya wafadhili mjini Kisii, wala si moja zaidi. Wasemaji walikuwa watatu, kila mmoja na dakika zake nne. Kwenye karatasi zao alikuwa amechora mstari mwekundu: ukifika hapa, ziwe zimepita dakika mbili; ukichelewa, ruka mfano, nenda mwisho.

Katika mazoezi ya jioni hiyo kanisani, aliyemmaliza nguvu ni Mzee Ogeto, mwenyekiti. Mara mbili alifika mstarini dakika zake zote zimekwisha, kwa kuwasalimu pasta, chifu, kina mama, na hata wasiokuwepo.

"Mzee, salamu nazo zinahesabiwa!"

Mara ya tatu mzee alizimeza salamu zake kama dawa chungu, akamaliza kwa nne. Josiah naye nne. Bosibori nne. Phanice akajitupa kwenye benchi la kanisa.

"Jumla?"

Esnah, aliyeshika simu ya kupimia muda, alisitasita. "Kumi na tano."

"Haiwezekani! Si kila mtu amemaliza kwa nne?"

"Wao, ndiyo. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unawakaribisha."

Phanice akaiangalia karatasi yake. Alikuwa ameandika sifa za kila msemaji, mpaka na idadi ya watoto wake. Mstari mwekundu haukuwepo hata mmoja.

Mzee Ogeto akanyoosha mkono taratibu. "Binti yangu, hebu nipe hiyo kalamu nyekundu."