Zamu ya Usiku ya Mwelu

Benta, karani wa zamu, alirudi mezani kwake kiwandani, Thika, akiwa na hasira. Meneja Kyengo alikuwa amempa ratiba ya zamu na kumwambia, "Watumie wafanyakazi hii, usiniletee maneno." Mwelu, mama anayenyonyesha, alikuwa amepangiwa usiku tena, wiki ya pili mfululizo. Mwelu huyo ndiye aliyemshikia Benta kazi alipomzika mamake, wala hakungoja shukrani.

Benta akanakili jedwali lote, akalibandika kwenye programu ya akili bandia, akatuma bila kuandika neno.

Jibu likaja: "Hii inaonekana ni ratiba ya zamu ya wiki mbili. Hukusema unataka nifanye nini. Naweza kuandika ujumbe wa kuwatangazia wafanyakazi, kuonyesha waliopangiwa zamu ya usiku mfululizo, au kupendekeza mpango ambamo hakuna anayerudia usiku. Ungependa lipi?"

"Hata wewe unaniuliza!" Benta akafoka. Kisha akayasoma tena yale matatu. La kwanza ndilo aliloamriwa. La tatu hakuwa amelifikiria. Alikuwa akifikiria matusi tu.

"La tatu," akaandika. "Na Mwelu ananyonyesha, abaki mchana."

Mpango ulipokuja, alikagua kila jina, akauchapisha, akaingia kwa Kyengo bila kubisha hodi.

"Si nilikwambia utume!" Kyengo akang'aka.

"Huo mpango wako utume mwenyewe, bosi. Wangu ni huu, na siondoki hapa mpaka uusome."

Kyengo akampokonya karatasi, akaanza kusoma.