Kona ya Chini ya Kiwanja

Nilipoandika mwongozo kwa wanaojenga nyumba kwa mara ya kwanza, sikuona kwamba hesabu zangu zote zilichukulia ardhi kuwa tambarare kama meza yangu ya kazi. Dada yangu aliufuata neno kwa neno. Alipima kuta, akatoa milango na madirisha, akaongeza kidogo kwa yatakayovunjika, kisha akanunua matofali yote kwa mkupuo.

Nilimkuta ameketi juu ya yaliyobaki, vumbi hadi kwenye kope. Kiwanja chake kinateremka. Kwenye kona ya juu msingi ulihitaji kozi, yaani safu, mbili tu za tofali. Kwenye kona ya chini zilihitajika tisa ndipo usawa ukapatikana, na matofali ya kuta yakaishia ardhini.

“Kaka, kitabu chako kimenijengea nyumba ya fuko,” alisema, bila kucheka. Akiba ilikuwa imekwisha, na chumba alichopanga kilikuwa kimeshapata mpangaji mwingine.

Fundi aliyakagua matofali. “Mama, tuinue vyumba viwili vya upande wa juu wa kiwanja, tuezeke. Ukuta wa upande huu tuuachie meno, matofali yachomoze, siku ukijaliwa tuunganishe vyumba vingine.”

“Na watoto wangu wanne?”

“Watabanana, lakini hawatanyeshewa.”

Dada aliutazama msingi wa vyumba vilivyobaki. “Haya, anza.”

Alihamia kabla ya mvua. Mwongozo wangu sasa unaanza kwa kupima mteremko wa kiwanja kwa mpira wa maji unaoonyesha usawa, kona hadi kona. Hesabu ya matofali inafuata baadaye.