Kichwa Kizima cha Mpingo

Muuza magogo alitaka kichwa chake mwenyewe, cha kuchongwa kwa mpingo, ukubwa uleule, kisicho na ufa hata wa kupitisha unywele. Kaka yangu akikileta hivyo siku ya kujitambulisha, binti atatolewa. Kikija na ufa, basi akatafute mke kwa wauza mkaa.

Aliyasema hayo mbele ya watu, amekaa juu ya magogo yake kama kuku anayeatamia.

"Mpingo hautaki mtu mwenye pupa," alisema. "Na binti yangu ni hivyohivyo."

"Binti yako ana pupa kuliko wote hapa," binti akajibu kutoka kwenye mzani, bila kuinua macho.

Kaka, ambaye karakana nzima ilimwita Patasi, aliomba nusu gogo, lile lililopasuliwa na kuachana na kiini. Gogo zima likikauka husinyaa kukizunguka kiini kama mkanda unaokazwa juu ya tumbo lililoshiba. Mwishowe mahali fulani lazima paachie.

"Nusu?" Mzee alijishika upara. "Hiki unakiona ni nusu?"

Akachagua mwenyewe gogo zima, nene, lililopakwa nta miisho yote miwili, akaapa kwamba limekaa ghalani tangu binti hajaota meno. Patasi hakubisha. Mtu hambishii baba mkwe ambaye bado hajawa baba mkwe.

Mpingo ule ulikuwa mgumu mpaka kaka alinoa zana zaidi kuliko alivyochonga. Kipande kikidondoka ndani ya ndoo ya maji, kilizama moja kwa moja kama sarafu. Alipomaliza akaniachia mimi, maana kazi yangu ni kumalizia: msasa mkavu wa chembe kubwa, kisha wa wastani, kisha ule laini kama ulimi wa paka, ndipo mafuta ya kitani, kidogo tu, unapaka na kufuta. Mzee akatokea mzimamzima: masikio, kidutu cha kidevuni, hata ule mdomo wa chini unaokaa mbele ukisubiri kulalamika. Nilikipenda kichwa kile. Nilikifunika kwa kitambaa kila nilipoinuka, upepo usikikaushe upesi.

Asubuhi ya siku yenyewe nikafunua kitambaa. Ufa ulianzia utosini, ukateremka hadi kwenye nyusi ya kushoto.

Nilisimama tu nikikipapasa kichwa, kama vile kingeweza kujirudi. Patasi alipoingia, alitazama, akaketi sakafuni juu ya maranda.

"Tuujaze kwa gundi na vumbi la mpingo," nilisema.

"Bado unaachia. Nikiujaza leo, kesho utafunguka pembeni ya gundi. Atakuwa na ufa na kovu juu yake." Akafunika uso kwa mikono. "Nimekwisha, dada."

Hapo akatokea baba mdogo kutoka chumba cha pili, mweupe pepepe kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Yeye huchonga jiwe la sabuni, jiwe ambalo unaweza kulikwaruza kwa ukucha.

"Nilisema mimi," alisema kwa furaha isiyofaa. "Jiwe halina kiini. Halikauki, halisinyai. Nipe mpaka mchana na tupa moja, nikutolee kichwa cha jiwe."

"Nimpelekee mzee kichwa cha jiwe? Atasema nimemtukana."

"Kwani alicho nacho ni cha nini?"

Nilicheka, nikajuta, maana kaka alikuwa karibu kulia. Baba mdogo akaona ametuumiza, akaanza kuzungukazunguka, na macho yake yakatua rafuni. Pale kulikuwa na kichwa cha majaribio, alichochonga Patasi kwanza kwa mti laini mweupe ili apate sura. Mti ule ulikuwa umekauka zamani, hauna ufa hata mmoja. Ila ulikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Dawa ya viatu," alisema baba mdogo.

"Mzee anaishi kwa kupima magogo, baba. Akikiinua tu, kwisha," alisema Patasi.

"Kwa hiyo tunakitoboa chini ya shingo na kukishindilia jiwe."

Tulipaswa kukataa. Badala yake Patasi alichimba shimo, baba mdogo akachonga kizibo cha jiwe lake, nami nikapaka dawa nyeusi ya viatu. Nikasugua mpaka ikashika. Ningeiacha hapo, lakini baba mdogo alisema upara wa mzee hung'aa zaidi ya hapo, akaja na chupa ya mafuta ya kupikia. Nilimwambia mafuta yale hayakauki, na yataiyeyusha nta iliyomo kwenye dawa. "Acha kuleta masomo," akasema, akaumwagia.

Kile kichwa chenye ufa nilikifunga kwenye kitambaa chake nikakiweka kapuni mwangu. Sikuwa na mpango wowote. Niliona vibaya tu kukiacha peke yake.

Sebule ya muuza magogo ilijaa wakwe. Mzee alivaa kanzu nyeupe kuliko nia zetu. Patasi alimkabidhi kichwa tulichokipaka dawa kwa mikono miwili, ameinama.

"Shikamoo baba. Kichwa chako hiki."

Mzee akakiinua. Uzito ulikuwepo. Akatabasamu, akakipapasa utosini, akakipakata kama mjukuu. "Tazameni! Hata ufa hakuna!" Akajifuta jasho la furaha usoni.

Shangazi mtu akapiga yowe. Mzee alikuwa na kiganja kizima cheusi juu ya paji la uso, na kifuani mwa kanzu sura ya kichwa ilikuwa imejichapa: mzee mwingine, mweusi, bila mdomo.

Mzee alikitazama kiganja chake, akakinusa. Akakwaruza shingo ya kichwa kwa ukucha. Weupe ukatokea.

"Dawa ya viatu," alisema polepole, "na mafuta ya kukaangia. Kijana, umekuja kumwoa binti yangu au kunikaanga mimi?"

Sauti iliyojibu ilikuwa yangu, nyembamba, hata mimi ilinishangaza.

"Chako kipo, baba. Hiki hapa."

Nikakifungua kitambaa. Mzee akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kidole chake kikafuata ufa kuanzia kwenye nyusi, taratibu, kikapanda hadi utosini, kikasimama juu ya kidoa kidogo. Kiini. Anayeuza magogo hahitaji kuelezwa kidoa kile ni nini.

"Ulisema gogo zima," binti alisema. "Nilikuwepo."

"Nilisema pia kisipasuke."

"Hata nta yako ilikuwa haijakauka, baba. Gogo lilikuwa bichi. Mimi ndiye niliyelipima."

Wajomba wakakohoa. Mzee akakiweka kichwa mapajani, akakiangalia kidutu na ule mdomo.

"Kimenifanana, sikatai," alisema. "Lakini bado kinaachia. Hakuna harusi mpaka ufa huu umalize kuachia."

"Huo unaweza kuchukua miaka!" alisema Patasi.

"Ndiyo."

Binti akainuka. Akamwondolea baba yake kichwa mapajani, akatoka nacho uani na kukiweka juu ya bati, kwenye jua kali. Nilikuwa nimekifunika miezi yote ile kisipate hata upepo. Akarudi, akapakua chakula, akatukaribisha kama kwamba hakuna lolote.

Mzee hakula kwa raha. Alitafuna huku ametega sikio.

Tulikuwa tunanawa mikono iliposikika *ta!* kutoka uani, kali, kama ubao uliovunjwa kwa goti. Tukatoka wote. Ufa ulikuwa umeteremka kutoka kwenye nyusi, ukapita kando ya pua, ukaugawa nusu kwa nusu ule mdomo wa kulalamika, ukaishia kidevuni.

"Umefika chini," binti alisema. "Hauna tena pa kwenda. Harusi lini, baba?"

Muuza magogo alifungua mdomo wake mwenyewe, mzima, akaufunga. Halafu akamgeukia Patasi, na ile alama nyeusi ya kiganja bado ipo kwenye paji la uso wake.

"Umchukue haraka," alisema. "Kabla hajaniweka na mimi juani."