Kofi la Pili

Mama alikuwa amefumba mdomo, na sauti yake ilikuwa ikisema, "Mwanangu."

Nikasimamisha picha. Nikairudisha nyuma kidogo, nikaiachia tena. Neno lilitoka kwanza, likazagaa chumbani, ndipo midomo ya mama ikafunguka na kulifuata mbiombio, kama mwenyeji anayemwita mgeni aliyekwisha kupiga kona. Sikio letu limezoea sauti ichelewe: umeme humulika, radi hufuata. Sauti ikitangulia, hata asiyejua kitu kuhusu kamera huhisi kwamba pana jambo halikukaa sawa.

Ilikuwa saa tatu usiku. Kesho yake mchana wakwe wa mdogo wangu wangejazana sebuleni kwa mama kutazama harusi upya. Mpigaji wa video hiyo nilikuwa mimi, na mhariri wake pia mimi. Kazi ya ndugu hiyo, waliniambia, nani ataifanya kwa moyo kama wewe?

Kwa moyo. Moyo wenyewe ulikuwa umejaa siki.

Mdogo wangu tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama. Alikuwa mtu wa kuingia mahali na taa zikaonekana kama zimeongezwa. Mimi nilikuwa mtu wa kuulizwa swichi iko wapi. Mwaka ule kabla ya harusi mama alilazwa, na kwa usiku arobaini na mmoja nililala sakafuni kando ya kitanda chake. Nilijua zamu za wauguzi kwa mlio wa viatu vyao. Kitinda alikuja Jumapili, ananukia vizuri, na kichupa cha rangi ya kucha mkobani. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wa mama, akampaka kucha moja moja, wakicheka. Yeye alishika mkono. Mimi nilishika beseni. Nilipotoka kwenda kulimwaga niliwasikia wakiendelea kucheka hadi mwisho wa varanda.

Basi siku ya harusi mama aliposimama kusema, mimi nilikuwa hatua tatu mbele yake, nyuma ya kamera, kidevu changu kikikaribia kipaza sauti kidogo kilicho juu yake. Na mama akasema, mbele ya ukumbi mzima, "Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipolazwa."

Siku zote nilikumbuka kilichofuata hivi: niliondoka. Niliiacha kamera ikijipigia yenyewe juu ya miguu yake mitatu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama penye mapipa ya taka hadi makofi yalipokwisha. Wakati wa kuhariri, kipande hicho nilikikata nikiwa nimezima sauti. Sikutaka kuisikia tena sentensi ile. Ndiyo maana nilijua usiku wa mwisho kabisa kwamba ilikuwa imeharibika.

Ilivyoharibika ni hivi. Sauti ya kipaza cha kamera huwa chafu: hunasa feni, viti, na spika za ukumbi zinazopayuka kutoka kila pembe. Kwa hiyo mama nilimbania kipaza kidogo kifuani, chenye waya uliokwenda kwenye kinasa sauti mfukoni mwake. Kamera ikachukua picha na sauti yake chafu, kinasa kikachukua sauti safi. Kuvioanisha si uchawi. Kabla ya shughuli kuanza unasimama mbele ya kamera na kupiga kofi moja kavu. Kwenye picha unaona viganja vikikutana; kwenye mchoro wa sauti unaona mwiba umechomoza. Unauweka mwiba juu ya viganja, basi, ndoa imefungwa.

Lakini kila mashine ina saa yake ndani. Ya kamera ilihesabu sawasawa. Ya kinasa changu, cha bei rahisi, ilikuwa na uvivu kidogo: kila dakika ilipoteza chembe ya wakati usiyoweza kuiona. Mwanzoni mdomo na sauti vinatembea bega kwa bega. Baada ya saa nzima, faili la sauti limekuwa fupi kuliko la picha, na kila neno linafika kabla ya mdomo wake. Ndiyo maana mwalimu wangu wa chuo alizoea kutufokea: "Kofi la kwanza ni la ndoa, la pili ni la talaka! Bila la pili utajuaje walipoachana?" Unapiga kofi mwanzo, unapiga kofi mwisho, unapima tofauti, unainyoosha sauti ijae pengo.

La pili sikulipiga. Nilikuwa penye mapipa.

Nikajaribu kwa jicho. Niliitafuta kila "m" na kila "b," kwa sababu hizo haziwezi kutamkwa mdomo ukiwa wazi. Nikaisogeza sauti mbele fremu tano. Video yangu ilikuwa na fremu, yaani picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde. Ikaonekana sawa. Nikasogeza saba, nayo ikaonekana sawa. Kumi, nayo vilevile. Jicho ukilibembeleza muda mrefu hukubali chochote. Nilihitaji mwiba, sauti moja kali iliyoingia kwenye kamera na kwenye kinasa kwa wakati mmoja, karibu na hotuba ile.

Hapo likanijia wazo ambalo sikulitafuta. Iache. Iache hivyo hivyo. Kesho wakwe watazame, mama aongee kama kikaragosi, Kitinda asifiwe na mdomo uliofungwa. Nikisema kinasa kiliharibika, nani atabisha? Mashine haina dada. Nililitazama wazo hilo muda mrefu, na sitadanganya: lilikuwa tamu.

Kilichonirudisha kazini ni kiburi tu. Jina la mhariri lilikuwa langu.

Nikaufungua mchoro wa sauti ya kamera, nikautembeza polepole. Vichuguu vya maneno, vumbi la feni. Kisha, mara baada ya "nilipolazwa," ukasimama mwiba mkubwa kuliko kofi langu la mwanzo. Nikadhani mtu kaangusha sahani. Nikavaa vifaa vya masikioni, nikausikiliza.

Ulikuwa msonyo. Ulimi nyuma ya meno, hewa ikavutwa kwa dharau, mrefu, wenye mkia. Haukutoka mbali. Ulitoka chini kidogo ya kipaza cha kamera, mahali ambapo palikuwa na kidevu cha mtu mmoja tu.

Sikukumbuka kabisa kwamba nilisonya.

Nikautafuta kwenye sauti ya kinasa. Ulikuwepo, mdogo, umevuka hatua tatu hadi kifuani mwa mama. Umetangulia kwa fremu tisa. Nikapima: kutoka kofi la kwanza hadi msonyo, dakika hamsini na nane. Nikapunguza kasi ya sauti, si asilimia mia tena bali tisini na tisa nukta tisa tisa. Kiasi hicho kidogo, ambacho hakuna sikio lingekitambua, kwa dakika hamsini na nane kilitosha kujaza fremu tisa. Miiba miwili ikakaa sambamba. "Mwanangu," akasema mama, na midomo yake ikakutana na neno lake.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikaitazama hotuba mpaka mwisho, ikiwa na sauti.

"Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipolazwa," anasema mama. "Na yule—"

Msonyo.

Mama ananyamaza. Hatazami lenzi, anatazama juu yake kidogo, mahali palipokuwa na uso wangu. Kipaza cha ukumbini alichoshika mkononi anakishusha hadi kiunoni. Midomo inatikisika. Ukumbi haukusikia kitu, na kamera haikusikia kitu. Lakini kile kidogo cha kifuani kilikuwa bado macho. Kinasema, kwa pumzi tu: "Si nilikuwa nakuja kwako, wewe."

Halafu kipaza cha ukumbini kinapanda tena. "Jamani, nimesahau nilichotaka kusema. Uzee huu!" Watu wanacheka. Nyuma ya kicheko hicho, pembeni mwa picha, mlango unafunguka na kufungwa. Ni mimi naondoka.

Nilikaa hadi skrini ikajizima. Tangu harusi, mama wa bwana harusi alikuwa hamwiti mama jina lingine ila Bibi Kasahau, kwa utani wa kikwe, na mama alikuwa akiitikia.

Kuufuta msonyo kungenichukua dakika moja. Unashusha sauti pale, unashusha na ule mnong'ono, kinabaki kimya na bibi aliyesahau. Nikaweka mkono kwenye kipanya. Nikauondoa. Nikauweka tena.

Mchana wa kesho yake sebule ilijaa hadi watu wakakalia mikono ya makochi. Kitinda alikaa sakafuni, kichwa pajani mwa mama, na mama akimchezea nywele. Ndiyo, wivu ulikuwepo bado. Msidhani ulikwenda popote.

"Haya, Bibi Kasahau anakuja!" mkwe akatangaza mama alipotokea kwenye skrini.

"Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipolazwa. Na yule—"

Niliuacha. Ukapasua sebule nzima.

"He!" Mjomba akageuka huku na huku. "Nani huyo kasonya?"

"Ni mimi," nikasema.

Mnong'ono ukafuata, safi, kila mtu akausikia. Kitinda akanyanyua kichwa kutoka pajani mwa mama, akanitazama. "Dada?" akasema. Mkwe akakohoa. "Kumbe hukusahau, mwenzangu," alisema, na jina lile sikulisikia tena kinywani mwake.

Mama hakugeuka. "Tazameni, jamani," akasema. "Keki inakuja."

Baadaye nilimfuata jikoni. Alikuwa akiosha vikombe, na mimi nikachukua kitambaa nikavikausha, kama tulivyozoea.

"Umeifanya vizuri," akasema. "Mdomo na sauti vimekaa pamoja."

"Vilikuwa vimepishana."

"Kipi kilitangulia?"

"Sauti."

Akacheka puani. "Ndivyo ulivyo tangu utotoni. Unalia kabla ya kofi."

Nikakausha kikombe kilichokwisha kukauka. "Mama, ulitaka kusema nini?"

Alilifunga bomba. Rangi ya kucha zake ilikuwa imebanduka, imebaki visiwa vidogo. "Lile lilikuwa neno la kusemwa mbele za watu," akasema. "Humu jikoni litaonekana kubwa mno." Akanipa kikombe kingine.

Sikuuliza tena, naye hakulisema, hata alipolazwa mara ya pili, na safari hiyo tulipokezana, Kitinda na mimi, mkono na beseni. Kitinda ana maneno yake ya ukumbini. Mimi nina yale matano ya pumzi, na najua yanaanzia fremu ipi.

Nimepiga harusi nyingi tangu hapo. Watu hucheka wakiniona nimesimama peke yangu ukumbini, viti vikikunjwa na mapambo yakishushwa, kamera na kinasa vyote bado vinazunguka. Nangoja hadi mtu wa mwisho aliyepewa nafasi ya kusema amalize. Kisha najisogeza mbele ya lenzi, nanyanyua mikono, napiga kofi.